Naomba ratiba ya mazoezi ya kuondoa kitambi

BabaTumaini (Nakuru)

Hamjambo wote. Mwenye ratiba nzuri ya mazoezi ya kuondoa kitambi naomba anitumie. Iwe ya nyumbani, jimu sina muda nayo. Natanguliza shukrani.

KondeleMoto

Niaje Baba Tumaini. Kitambi ni kazi ndogo hiyo. Saa kumi na moja alfajiri uko macho. Kamba dakika 15, bapi 20 mara nne, pushapu 50, sitapu 100, halafu plenki dakika tatu. Jioni unakimbia mpaka jasho lidondoke. Jumamosi unapanda Menengai mbio na kushuka mbio. Chakula cha jioni sahau kabisa, kunywa maji ya ndimu. Mimi tumbo lilitoka, na sasa nacheza mpira dakika tisini pale Jomo Kenyatta bila kuhema.

MwalimuNjoro

Ratiba ya kijana ni nzuri lakini haina kipimo. Mazoezi yanapimwa kwa mapigo ya moyo. Chukua 220, toa umri wako, jibu ndilo mwisho wa moyo wako. Kisha fanya mazoezi kwenye asilimia 70 ya hapo kwa nusu saa. Ukiwa chini ya hapo unapoteza muda. Nunua saa ya mkononi inayosoma mapigo, siku hizi si ghali.

MamaKevo_Lanet

Nani anajua jimu ya wanawake upande wa Lanet ambayo haichezi muziki kama klabu?

ViungoKakamega

Baba Tumaini, kabla hujafanya lolote kati ya hayo, ngoja kidogo. Kazi yangu ni fiziotherapia, watu hunijia wakishaumia, na wengi waliumizwa na ratiba iliyokuwa nzuri kwa mtu mwingine. Hiyo ya KondeleMoto haina ubaya kwa mchezaji mpira wa miaka ishirini na kitu. Kwako sijui, kwa sababu umetuambia kitambi na nyumbani, basi.

Nikuulize hivi. Una miaka mingapi? Wiki iliyopita, si enzi za shule, ulifanya kazi gani ya mwili, na ukipanda ngazi hadi ghorofa ya pili unaweza kuendelea na mazungumzo au unasimama kuvuta pumzi? Kitambi unataka kipungue kwa sababu gani, kuna mtu amekwambia? Nyumbani kuna nini: mtungi, kiti imara, ua, ngazi? Na la mwisho, kila siku unameza dawa gani, hata iwe moja? Na kuna kiungo chochote kinachokusumbua?

BabaTumaini (Nakuru)

Dada, mimi nimeomba ratiba, si kuajiriwa 😀

Haya. Nina miaka 49. Nina duka la vifaa vya ujenzi, nakaa kwenye kiti kuanzia saa mbili hadi jioni, simiti wanabeba vijana. Urefu ni mita 1.72 na uzito kilo 94. Ngazi nikifika ghorofa ya pili nahema kidogo lakini naongea. Mazoezi sijafanya tangu niache kucheza voliboli, zamani hiyo. Nyumbani kuna mitungi ya maji, viti, na ua mdogo wa simiti. Sina ugonjwa wowote, namshukuru Mungu. Goti la kulia hulia nikishuka ngazi lakini si kitu.

ViungoKakamega

Asante Baba Tumaini, hapo umenisaidia sana. Lakini swali la dawa umelipita. Sikuuliza ugonjwa, niliuliza unameza nini.

BabaTumaini (Nakuru)

Ah, hizo za presha tu. Atenololi ya miligramu 50 asubuhi na amlodipini ya 5. Presha ilishakaa sawa ndiyo maana sihesabu kama ugonjwa. Daktari wa kliniki ndiye alisema nipunguze kiuno.

Na nikiri, jana nilijaribu hesabu ya Mwalimu kabla hujajibu. 220 toa 49 ni 171, asilimia 70 inakuja 120. Nikavaa saa ya kijana wangu nikakimbia kutoka Section 58 kuelekea juu. Saa ilikataa kupita 104. Nikaongeza mbio nifike 120, kichwa kikawa chepesi, macho yakafanya giza, nikashika ukuta wa watu. Nilidhani ni saa mbovu.

ViungoKakamega

Saa haikuwa mbovu. Atenololi kazi yake ni kuuzuia moyo kupiga kasi. Mtu anayeimeza, mapigo yake yako chini akiwa amekaa, na hata akikimbia kwa nguvu zake zote hayafiki yale ambayo umri wake ungeruhusu. Mapigo yako ukiwa umetulia ni mangapi? Nakisia hamsini na kitu. Ile 104 ya jana kwako pengine ilikuwa karibu na kilele. Kwa hiyo ulikuwa unajisukuma kufikia nambari ambayo dawa imeifunga, na kila ulipokuwa hufiki uliona hujajitahidi. Kile kizunguzungu kilikuwa mwili unakwambia imetosha.

Ndiyo maana huwa siulizi mtu ana ugonjwa gani. Mwenye presha iliyotulia kwa dawa atasema ni mzima, na kwa kweli anajisikia mzima. Hata wa sukari wako hivyo. Ukimuuliza anameza nini anakumbuka mara moja, maana vidonge viko mezani pale anapokunywa chai.

Kwa sasa acha kukimbia. Tukio la jana ulieleze kliniki, usisubiri tarehe ya kuchukua dawa. Na ikitokea tena giza machoni, au kifua kubana, au maumivu yakashika mkono au taya, au jasho baridi, hiyo ni hospitali saa hiyo hiyo, usiende kulala kwanza.

MwalimuNjoro

Dada, hiyo hesabu imebandikwa kwenye mashine za jimu dunia nzima. Haiwezi kuwa ya uongo.

ViungoKakamega

Sijasema ni ya uongo, Mwalimu. Ni wastani. Hata kwa watu wasiomeza chochote, wawili wa umri mmoja wanaweza kuachana kwa mapigo kumi au zaidi juu na chini ya hiyo nambari, na wote ni wazima. Lakini mtu akiwa na atenololi, au bisoprololi, au propranololi, au kabedilolo, usiitumie kabisa. Tazameni miisho ya majina, nyingi za ukoo huo zinaishia kwa "-lolo" au "-loli".

Mtu kama Baba Tumaini atumie mdomo. Akitembea aweze kusema sentensi nzima mfululizo, kama anamwelekeza mtu njia, lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba aongeze hatua. Akianza kukata maneno mawili mawili apunguze. Kipimo hicho atenololi haikivurugi, kwa sababu pumzi inafuata kazi ambayo misuli inafanya.

MwalimuNjoro

Nimeelewa. Ila kwa mtu asiye na dawa nitaendelea na saa yangu.

ViungoKakamega

Endelea nayo, hakuna ubaya.

Omwami_Mbale

Baba Tumaini, ushauri wa mzee mwenzako. Hizi dawa za presha ndizo zinakudhoofisha. Acha atenololi wiki mbili, fanya mazoezi, kula kitunguu saumu kibichi asubuhi. Presha itashuka yenyewe. Mimi nimeona watu wameacha dawa kwa mazoezi.

ViungoKakamega

Mzee wangu, kwa heshima, hilo hapana. Ni kweli wapo ambao mazoezi na kupunguza uzito yaliwafikisha mahali daktari akapunguza dawa. Lakini ni daktari alipunguza, polepole, huku wakipimwa. Atenololi ukiikata ghafla moyo unarudi kupiga kwa kishindo, presha inapaa, na mwenye mishipa ya moyo iliyobana anaweza kupata shambulio la moyo siku hizo hizo. Halafu wewe unataka akiwa katika hali hiyo ndipo aanze mazoezi. Baba Tumaini, usiguse dawa.

Omwami_Mbale

Sikujua hiyo ya kukata ghafla. Lakini kitunguu saumu kimeniweka mimi.

BabaTumaini (Nakuru)

Dawa siachi, mama Tumaini ataniua kabla ya presha. Sasa nipe basi hiyo ratiba yangu dada. Mapigo nimehesabu nikiwa nimekaa, ni 54 kwa dakika. Ulikisia sawa.

ViungoKakamega

Nitakupa, lakini kwanza pima presha. Asubuhi siku tatu mfululizo, kabla ya chai, ukae dakika tano kimya ukiwa umeegemea, miguu chini bila kupishanisha, mkono juu ya meza. Kama huna mashine, kemisti wengi wana mashine, ila usipimwe ukiwa umeingia tu ukihema kutoka barabarani. Ikisoma 180 kwa 110 au zaidi, usianze zoezi lolote, nenda kliniki. Pia niambie kliniki wamesema nini kuhusu kile kizunguzungu.

BabaTumaini (Nakuru)

Nimerudi. Asubuhi tatu imesoma 146/90, 142/88, 148/92. Kliniki wamenipima moyo kwa zile waya za kifuani, wakasema hawajaona tatizo, niendelee na dawa zile zile, kutembea ruhusa, kukimbia bado. Goti wamelibonyeza, wakasema nipige picha nikipata nafasi.

ViungoKakamega

Basi wamekubali ulichohitaji kuanzia. Na angalia, presha yako haijakaa sawa kama ulivyodhani, iko juu kidogo ya pale ambapo kliniki nyingi zingependa iwe. Ndiyo sababu walikwambia kiuno. Kwa hiyo lengo lako tusiliite kitambi, tuliite presha na kiuno. Mizani usiipande kila siku. Chukua futi ya fundi nguo, pima kiuno usawa wa kitovu ukiwa umetoa pumzi kawaida, mara moja kila baada ya wiki mbili, siku hiyo hiyo ya juma.

Kutembea kuwe siku tatu, tuseme Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Anza na dakika 20, kila wiki ongeza dakika tano mpaka ufike 40. Tafuta njia tambarare. Nakuru ukielekea mlimani yote ni mwinuko, na mji wenyewe uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mwinuko mdogo tu unakula pumzi. Dakika tano za kwanza taratibu, na za mwisho tano taratibu vilevile. Hizo za mwisho usiziruke. Mtu wa dawa za presha akisimama ghafla, damu inabaki miguuni na kichwa kinakosa. Nadhani hata siku ile, sehemu ya lile giza lilikuja pale uliposimama.

Jumanne na Jumamosi ni nguvu, ndani ya ua wako. Kukaa kwenye kiti na kuinuka bila kushika, mara 8. Weka mto mnene juu ya kiti ili goti lisikunjike sana, na kiti kiegemee ukuta. Kisha pushapu za kusimama, mikono ukutani, mara 8. Kisha mtungi wa lita 5 uliojaa, huo ni kilo 5 za maji. Mkono mmoja ushike meza, inama mgongo ukiwa umenyooka, vuta mtungi hadi ubavuni mara 8 kila mkono. Mwisho shika mitungi miwili ya lita 5, mmoja kila upande, tembea uani kwa nusu dakika. Pumzika dakika mbili, rudia yote mara moja. Jaza mtungi hadi shingoni. Ukiwa nusu, maji yanacheza ndani na bega linapambana na mtikisiko badala ya uzito.

Sasa jambo moja ambalo kwako ni la lazima. Usizuie pumzi. Mtu akibeba kitu anabana kifua bila kujua, na kwa sekunde hizo presha inapanda sana, hata kwa mwenye afya. Toa pumzi unapoinuka, unapovuta, unaposukuma. Hesabu kwa sauti kama wanafunzi wa darasa la kwanza, huwezi kuhesabu kwa sauti ukiwa umezuia pumzi. Ndiyo maana pia plenki ya dakika tatu nimeiondoa, watu huimaliza wakiwa wamebana meno na pumzi.

Goti: likiuma kidogo wakati wa zoezi, uchungu ambao ungeupa tatu kati ya kumi, na kesho yake asubuhi limerudi lilivyokuwa, endelea. Likiamka limevimba au linauma kuliko jana, ongeza urefu wa mto na upunguze mara 8 ziwe 5. Likijifunga au kulegea ghafla ukiwa umesimama, hapo picha haisubiri nafasi.

KondeleMoto

Heshima kwako dada, lakini hiyo ni ratiba ya hospitali. Kutembea dakika 20? Kitambi hakitasikia chochote. Weka hata sitapu hapo, tumbo liungue.

ViungoKakamega

Sitapu zinakaza misuli iliyo chini ya mafuta. Mafuta yenyewe mwili haukuulizi uyatoe wapi, unatoa unakotaka, na kwa wanaume tumbo mara nyingi linachelewa. Ukweli wako mmoja ninaukubali: kutembea peke yake hakutapunguza kiuno haraka. Lakini huyu juzi alishika ukuta wa watu.

MwalimuNjoro

Niruhusiwe kurudi na hesabu nyingine, hii naamini haina atenololi ndani. Baba Tumaini, dukani unakunywa chai vikombe vingapi, na sukari vijiko vingapi?

BabaTumaini (Nakuru)

Vikombe vinne. Sukari vitatu kila kikombe. Wakati mwingine na mandazi.

MwalimuNjoro

Vijiko 12. Kijiko bapa cha chai ni gramu nne hivi, kwa hiyo unakunywa karibu gramu 50 za sukari, ambazo ni kalori 200 kasoro kidogo. Mtu wa kilo 94 akitembea nusu saa kwa mwendo wa kawaida anachoma karibu hiyo hiyo. Maana yake matembezi yako yote ya siku yanamezwa na sukari ya chai, mandazi sijayahesabu. Na kama kijiko chako ni cha kilima, mambo ni mabaya zaidi.

BabaTumaini (Nakuru)

Mwalimu umenimaliza. Nianze na kijiko kimoja.

ViungoKakamega

Mwalimu, hapo nimekupigia makofi. Na chumvi ya mezani iondoke pia, hiyo ni kwa ajili ya presha.

NyarDunga

Habarini. Nimesoma yote, nimeipenda hii ratiba, naianza Jumatatu. Niko Kisumu, miaka 56, nina sukari, nadunga insulini asubuhi na jioni. Huwa natembea kuelekea Dunga saa kumi na mbili kabla ya chai kwa sababu baadaye jua ni kali. Siku nyingine nikirudi natetemeka mikono na njaa inanishika vibaya. Nadhani ni kukosa mazoezi, sivyo?

ViungoKakamega

Mama, hapana, na tafadhali usiianze Jumatatu. Hiyo ratiba ni ya Baba Tumaini, imekatwa kwa kipimo chake. Kutetemeka na njaa ya ghafla ukiwa umedunga insulini, kwanza hufikiriwa kuwa sukari imeshuka. Insulini unadunga kabla ya kutoka? Na unadunga sehemu gani?

NyarDunga

Kabla. Pajani. Nikirudi ndipo nakunywa chai.

ViungoKakamega

Hapo ndipo penye shida. Unadunga, hulishi ile dawa, halafu unatembea. Misuli inayofanya kazi inavuta sukari kutoka kwenye damu, na paja likitembea damu inazunguka hapo kwa wingi, insulini inaingia haraka kuliko ulivyotarajia. Unasukumwa chini kutoka pande tatu.

Mpaka uonane na kliniki ya sukari, usitembee ukiwa umedunga bila kula. Pima kabla ya kutoka. Ikiwa chini ya 5, kula kitu kwanza, ndizi au kipande cha mkate, usubiri kidogo. Tembea na sukari mfukoni, glukosi ya kemisti au hata vijiko vitatu vinne vya sukari kwenye karatasi. Ukitetemeka, simama ule hapo hapo, usijiambie utafika nyumbani. Na tembea na mtu anayejua una sukari, ili usionekane umelewa. Dozi usibadilishe mwenyewe, wape kliniki vipimo vya kabla na baada ya kutembea, wao watajua wapunguze nini. Ukivua viatu tazama nyayo, hata kati ya vidole. Mwenye sukari wa muda mrefu anaweza kupata lengelenge asilisikie mpaka lioze.

Swali moja tu: pamoja na insulini, unameza ya presha?

NyarDunga

Ipo moja ya presha, jina limenitoka. Kidonge cheupe kidogo.

ViungoKakamega

Soma pakiti leo jioni, mama. Ikiwa ni ya ule ukoo wa atenololi, inaweza kuficha kule kutetemeka na moyo kwenda mbio, ubaki na jasho tu kama dalili. Kwa kuwa bado unatetemeka huenda si hiyo, lakini tusikisie.

MamaKevo_Lanet

Mimi niliuliza jimu nikabaki nasoma mambo ya paja na insulini mpaka saa sita usiku. Kumbe ni muhimu. Lakini jimu bado natafuta.

KaruraniWaBungoma

Swali la uchokozi. Kama kila mtu lazima aulizwe haya yote, si afadhali tuache kabisa kupeana ratiba mtandaoni? Dada ni mtaalamu, sawa, lakini hajamwona Baba Tumaini kwa macho. Hajui hata anavyoinuka kwenye kiti. Mimi ningemwambia tembea, basi, mengine nenda ukaonwe.

ViungoKakamega

Una hoja, na mimi mwenyewe nasitasita. Bila kliniki kumpima moyo nisingeandika neno kuhusu mitungi. Lakini tukinyamaza, angefuata ile ya kwanza, bapi themanini na Menengai mbio.

KaruraniWaBungoma

Au angetembea tu. Hatutajua. Msimamo wangu ni ule ule.

KondeleMoto

Mimi nilitoa kwa moyo safi jamani. Ila ni kweli sikuuliza umri. Jina la Baba Tumaini lenyewe lilitosha kunishtua 😂

BabaTumaini (Nakuru)

Nimerudi na ripoti. Niko wiki ya tatu, natembea dakika 30. Chai ni kijiko kimoja. Kiuno kilikuwa sentimita 108, sasa ni 107, sijui kama ni kweli au nilivuta futi. Presha ya asubuhi imesoma 138/86 mara mbili, na mara moja 144/90. Goti haliumi kwenye kiti tena lakini kushuka ngazi bado. Jambo jipya ni vifundo vya miguu, jioni vimevimba, soksi inaacha alama. Nipunguze kutembea? Na KondeleMoto ananiambia kwa simu nipande Menengai mwezi ujao polepole.

ViungoKakamega

Sentimita moja inaweza kuwa futi, usiisherehekee wala kuilaumu, pima tena baada ya wiki mbili. Presha inaelekea pazuri lakini vipimo vitatu ni vichache.

Vifundo: miguu yote miwili sawa, au mmoja?

BabaTumaini (Nakuru)

Yote miwili. Asubuhi imenywea.

ViungoKakamega

Miguu yote miwili, jioni, na mtu wa kukaa kitini mchana kutwa: amlodipini hufanya hivyo mara nyingi, na si kwa sababu ya kutembea. Usipunguze matembezi, na usiache kidonge. Waambie kliniki, wanaweza kupunguza dozi au kubadilisha. Dukani inuka kila nusu saa, pandisha visigino mara ishirini ukiwa umeshika kaunta. Ukiona mguu mmoja tu umevimba na shavu la mguu linauma, au unahema ukiwa umelala chali, hiyo ni habari nyingine kabisa, nenda siku hiyo hiyo.

Menengai bado. Kupanda kwenyewe labda ungeweza, unajipunguzia mwendo. Shida ni kushuka. Ukishuka, paja linafanya kazi ya breki kila hatua na goti linabeba, na goti lako linalalamika hata kwenye ngazi za nyumba. Kwanza piga ile picha. Kisha tuone kama unaweza kushuka kidaraja kimoja polepole, mguu wa kushoto ukitangulia, wa kulia ukibaki juu ukikushusha, mara kumi bila uchungu.

KondeleMoto

Apande kwa miguu ashuke na bodaboda.

ViungoKakamega

😀 Hilo sina kipingamizi nalo, mradi njia ya kupanda aweze kuongea.

BabaTumaini (Nakuru)

Picha ya goti ni Alhamisi. Nitaweka majibu hapa.